Zimeni Huo Moshi, Mgonjwa wa Malale Hajaingiliwa na Jini

Nasema hivi, na atakayenuna anune: igizo fupi la dakika 20 likiwa na mtu anayeota, halafu muongozaji akaleta moshi mweupe, sauti yenye mwangwi, kicheko cha kutoka kuzimu, na mwisho mtu anaruka kitandani akihema "kumbe ilikuwa ndoto!", huyo muongozaji ametudharau. Ametuona watazamaji hatuna akili ya kutambua mtu anayeota mpaka tufukizwe kama nyuki.

Najua mtaniambia hayo ni mambo ya Bongo Muvi, kila mtu anatafuta mkate wake. Sawa. Mkate tafuteni. Lakini leo sizungumzii sinema za mapenzi za Dar. Nazungumzia maigizo ya afya, yale yanayochezwa uwanja wa shule saa tisa alasiri, watu wamekaa chini ya mwembe, watoto mbele, wazee kwenye viti vya kuazima. Na nachukua mfano wa Ugalla, kwa sababu huko hii hoja inaua mtu au inamponya.

Ndugu msomaji, kama huijui Ugalla, ni kule kwenye misitu ya miyombo, mto unaokwenda kuungana na Malagarasi, Tabora upande mmja na Katavi upande mwingine. Sehemu kubwa ilikuwa pori la akiba, na mwaka 2019 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Watu wa pande hizo na wa Mpanda wamerina asali tangu enzi na enzi, mizinga ya magome na magogo iko juu ya miti, na mrina asali anaweza kukaa kambini wiki kadhaa. Na mbung'o nao wapo. Mbung'o mwenye vimelea akikuuma unapata malale.

Malale ya Afrika Mashariki haina subira kama ile ya Afrika Magharibi na ya Kati, ambayo inaweza kumlea mtu miaka. Hii yetu inakwenda kwa wiki na miezi. Inaanza kwa homa, kichwa, viungo, pengine kidonda pale ulipoumwa, na mtu anadhani ni malaria. Vimelea vikishaingia kwenye ubongo, usingizi unageuka: mchana mtu anasinzia na kijiko mkononi, usiku yuko macho anazunguka. Tabia inabadilika. Aliyekuwa mpole anakuwa mkali. Anachanganyikiwa, na wengine wanapata maruweruwe, wanaona na kusikia visivyokuwapo. Asipotibiwa anakufa.

Sasa fikirieni. Huyo mgonjwa usiku anazungumza na mtu ambaye hayupo. Familia inaona nini? Inaona jini, inaona karogwa. Halafu kinakuja kikundi cha maigizo kuelimisha, na maruweruwe ya mgonjwa yanapofika kinatokea nini? Anatoka mtu amejifunga shuka jeupe, unga usoni, moshi wa majani mabichi kwenye kopo, na ngoma inapigwa. Jamani! Miaka yote hii sinema zetu zimetufundisha kwamba moshi na shuka jeupe maana yake jini. Mtazamaji hajakosea akisoma jini. Ameandikiwa jini, amesoma jini. Daktari wa kwenye igizo akija mwishoni kuhutubia habari za kupima damu, amechelewa: picha imeshasema peleka kwa mganga, na picha ina nguvu kuliko hotuba.

Ndiyo maana nasema moshi si pambo tu. Ni uongo wa kitaalamu. Maruweruwe hayako hewani pale jukwaani, yako ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Ukiibadilisha dunia nzima, ukaleta moshi ambao hata mke wake anaukohoa, umeshasema kwamba kile kitu kipo kweli.

"Lakini watazamaji hawataelewa bila alama!" Hii ndiyo hoja ya waongozaji, nimeisikia mpaka masikio yameota sugu. Sijasema msiweke alama. Alama lazima iwepo, na iwe wazi kuliko moshi. Tofauti ni mahali pa kuiweka.

Ebrahim Hussein alishalimaliza hili zamani. Kwenye Kinjeketile, tamthiliya iliyochapishwa mwaka 1969, Kinjeketile anaingia mtoni na watu wanabaki nje wakimsubiri. Hatupelekwi chini ya maji kuonyeshwa Hongo akiwa na pembe. Tunabaki na wanaosubiri, tunamwona mtu yule yule akitoka, na tunaona wanavyomtazama. Baadaye anasema maneno akiwa hayuko katika hali yake ya kawaida, halafu anapopata fahamu anashtuka kwa yale aliyoyasema mwenyewe, kwamba watakuwa chini ya Seyyid Said. Mpaka wa njozi unaonekana kwa sababu mtu mmoja kavuka na wengine hawajavuka. Hakuna kopo la moshi. Na shaka ile, je neno lilitoka wapi, ndiyo inayobeba mchezo wote uliobaki. Moshi ungeimaliza shaka hiyo pale pale.

Haya, turudi Ugalla tulijenge igizo letu. Wahusika wanne: mrina asali, mkewe, mdogo wake, na nesi wa zahanati. Uwanja wa vumbi, jua kali, hakuna pazia wala taa. Vifaa ni mkeka, shuka, kigoda, kikombe cha bati, kinu na mchi. Basi.

Kanuni ni moja: kilichopo kinashikika na kinasogeza vitu, kisichokuwepo hakisogezi kitu. Mwenye maruweruwe anamwona rafiki yake wa kambini aliyekufa. Rafiki huyo haigizwi na mtu. Anakaa kwenye kigoda kitupu. Mrina asali anamsalimia, anamsogezea kikombe, anasubiri jibu, anajibu. Mke anatwanga, hasimamishi mchi. Kisha mke anakuja na kuweka ungo wake juu ya kile kigoda, kama mtu yeyote anavyofanya, na mume anaruka kama vile ameona mtu anakaliwa. Sekunde tano tu, na uwanja mzima, pamoja na mtoto wa darasa la pili, umejua nani yupo na nani hayupo.

Lakini hapo msianze na tukio kubwa. Kosa ninaloliona sana ni kuleta njozi ya kwanza pale pale kwenye kilele, mtazamaji hajui kanuni, anababaika. Anzeni na kidogo. Mapema kabisa mume aseme "mtu anabisha hodi", mke aende atazame, arudi: "Hakuna mtu, mume wangu." Aendelee kutwanga. Kanuni imeshafundishwa bila mtu kujua kwamba amefundishwa. Ya pili ndiyo ya kigoda.

Watacheka, ndiyo. Kwetu mtu anayezungumza peke yake ni kichekesho, vichekesho vya runinga vimetuzoesha hivyo. Waacheni wacheke mara ya kwanza. Dawa ni mke: asicheke, asifoke, atazame tu kile kikombe alichosogezewa mtu asiyekuwepo, akirudishe mahali pake taratibu. Kicheko kinakufa chenyewe. Mwigizaji akianza kutoa macho na kutetemeka ili "aonekane mgonjwa", mmelipoteza. Mwenye maruweruwe hajioni kichaa. Yeye anazungumza na rafiki yake kama mimi ninavyozungumza na wewe, ndiyo maana inaumiza.

Ndoto nayo ni kitu kingine, na igizo la malale lina sababu ya kuzitofautisha, maana mgonjwa huyu analala mchana watu wakifanya kazi. Moshi unazifanya ndoto na maruweruwe kuwa kitu kimoja. Ndoto ina mwili uliolala. Basi mwili huo uonekane: mrina asali anajifunika shuka mkekani, akiingia ndotoni anatoka chini ya shuka polepole na kuliacha limetuna pale pale, kama mtu bado yumo. Yeye anatembea, anapanda mti, anashusha mzinga. Wakati huo mdogo wake anakuja anakaa karibu na lile shuka, analifukuzia inzi. Tunaona aliyelala na tunaona anachoota, kwa pamoja. Kurudi, anaingia tena chini ya shuka. Hakuna kuruka wala kuhema. Mdogo mtu anamtikisa ale uji, na hata akiamka anasinzia tena kabla ya kijiko kufika mdomoni. Hapo mmeonyesha pia dalili ya ugonjwa, bure, bila hotuba.

Sasa faida yake. Nesi anaingia. Huyu ni mtu wa kweli. Lakini mgonjwa ameshaambiwa mara nyingi "hakuna mtu", hajiamini tena. Nesi anamsalimia, hajibu. Anamwambia inabidi aende hospitali apimwe damu, na majimaji ya uti wa mgongo kuona kama vimelea vimefika kwenye ubongo. Mgonjwa anatazama pembeni, anamwambia mkewe, "Usimjibu, hayupo." Nesi anachoka kusimama kwenye jua. Anachukua kikombe cha bati, anakunywa maji, anakiweka chini. Kikombe kimesogea! Uwanja unajua huyu yupo. Mgonjwa anakitazama kikombe... Waacheni watoto wapige kelele "yupo, yupo!" Watapiga. Ile ile kanuni ya kutambua njozi imekuwa ndiyo inayomwokoa.

Na nesi ana kitu cha kweli cha kusema. Kwa miaka mingi malale ikishafika ubongoni ilitibiwa kwa melasoproli, sindano yenye arseniki ambayo yenyewe iliweza kumuua mgonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoingiza vidonge vya feksinidazoli kwa malale hii ya Afrika Mashariki. Vidonge! Mke akiuliza "watamchoma ile sindano?", kuna jibu.

Kwa wale wa redio, msijifiche kwamba nyinyi hamna kigoda. Mna mchi. Sauti ya mchi ikiendelea nyuma ya mazungumzo, tuko nyumbani na mtu anaongea na hewa. Mchi ukinyamaza ghafla na jogoo naye akinyamaza, tuko ndotoni. Mwangwi wa pangoni waachieni mahubiri ya mikutano ya hadhara.

Kabla hamjacheza, fanyeni jaribio moja. Mwiteni mtu asiyehusika, muuza karanga, mwanafunzi anayepita. Simamisheni igizo katikati ya maruweruwe mumuulize: sasa hivi nyumbani humu wapo watu wangapi? Akisema wawili, mke na mume, endeleeni. Akisema watatu, msikimbilie kopo la majani mabichi. Tazameni mke anafanya nini. Mara tisa kati ya kumi mtakuta naye amekitazama kile kigoda kitupu.