MAONI YETU: MASHARTI YA FEDHA ZA SIMU YARAHISISHWE, YASILEGEZWE

Ndugu wanaushirika,

Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, fedha za samaki hapa Mbegani zinapita kwenye simu. Kila aliyejiandikisha amekubali masharti, na masharti hayo ni mkataba. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini Kiswahili cha mikataba bado ni kigumu, na baadhi yetu tumependekeza Ushirika uandike masharti hayo kwa maneno mepesi, yabandikwe hapa ukutani.

Sisi tunaunga mkono. Ila hatukubaliani na wanaosema ati “fupisheni tu, watu wataelewa.” Sharti likifupishwa ovyo, wajibu hudondoka njiani, na mwanachama ataujua siku ya hasara.

Hebu tutazame mfano. Sharti hili tumelitunga sisi, siyo la kampuni fulani, ila ndivyo yanavyoandikwa:

“Mteja hatakuwa na haki ya kuidai Kampuni hasara itokanayo na matumizi ya namba yake ya siri na mtu mwingine, kwa ridhaa au bila ridhaa ya Mteja, isipokuwa pale hasara hiyo ilipotokana na uzembe wa Kampuni.”

Mwenye haraka ataandika: “Usimpe mtu namba yako ya siri, ni hatari.” Maneno matamu, lakini huo ni ushauri. Halikusemwa nani anabeba hasara. Mvuvi anayemwachia jirani simu na namba akienda baharini atadhani ameonywa tu, kumbe kishakubali kubeba hasara. Na haki yake ya kudai pale kampuni ilipozembea imefutika kabisa.

Mwenye huruma naye ataandika: “Kampuni ikikosea, itakulipa.” Hapo ameongeza. Sharti halikuahidi malipo, limeacha haki ya kudai, na anayedai lazima athibitishe. Tena “kukosea” siyo “kuzembea.” Mtu huweza kukosea huku amechukua uangalifu wote. Uzembe ni kutochukua uangalifu uliopaswa. Neno “uzembe” libaki, lifafanuliwe pembeni.

Sisi tungeandika hivi: “Mtu mwingine akitumia namba yako ya siri ukapata hasara, huwezi kuidai Kampuni, hata kama hukumpa namba wewe mwenyewe. Lakini kama hasara imeletwa na uzembe wa Kampuni, una haki ya kuidai.” Ni sentensi mbili fupi, na hakuna kilichopungua wala kuongezeka.

Jambo la pili ni maneno ya wajibu. “Lazima,” “anaweza” na “anashauriwa” ni vitu vitatu mbalimbali. “Kampuni inaweza kurudisha fedha” maana yake ikitaka itarudisha, isipotaka basi. Hapo usiandike “itarudisha,” maana msomaji ataishika kama ahadi.

La tatu ni la lugha yetu wenyewe. Tukiandika “Wakala akimlipa mteja zaidi, atarudisha,” nani atarudisha? Ile “a” yaweza kuwa wakala, yaweza kuwa mteja. Kwa hiyo mtu atajwe kila mara: “mteja lazima arudishe.” Inachosha sikio, lakini haileti ugomvi.

Sasa tutajuaje kazi imefaa? Tunapendekeza hivi. Kwa kila sharti, waandishi wajibu maswali manne: nani, anapaswa au anaruhusiwa kufanya nini, lini, na asipofanya inakuwaje. Halafu karatasi apewe mwanachama ambaye hajaona masharti ya asili, mchuuzi wa samaki kwa mfano. Aisome, aieleze kwa maneno yake, na mwingine aandike majibu manne anayoyasikia. Majibu yalinganishwe na ya kwanza. Pasipolingana, kosa ni la karatasi, siyo la mchuuzi, na iandikwe upya.

Mwisho, karatasi yetu haitakuwa mkataba. Mbele ya hakimu yatasomwa masharti yenyewe. Kwa hiyo juu yake iandikwe waziwazi: “Haya ni maelezo, kinachofunga ni masharti ya kampuni,” pamoja na tarehe ya masharti tuliyoyasoma, kwa sababu makampuni huyabadili. Yakibadilika, karatasi ya zamani ibanduliwe siku hiyohiyo. Karatasi iliyopitwa na wakati itampoteza mtu kuliko ukuta mtupu.

Mwenye maoni tofauti aandike, ayabandike hapa chini kabla ya mkutano mkuu.

Ushirika ni nguvu.