Ndimu Itangulie Kisu: Saladi ya Matunda Isiyopoteza Rangi Hadi Magharibi

Katika mwezi wa Ramadhani, saladi ya matunda huwa na muda mrefu wa kungoja kuliko katika miezi mingine. Mama huikata baada ya Alasiri, ilhali huliwa baada ya adhana ya Magharibi. Na katika nyumba nyingi watu hufungua kwa tende na maji, wakaswali kwanza, ndipo wakarejea mkekani. Kati ya kisu na kijiko huweza kupita saa mbili. Inapofunuliwa, nanasi na papai hukutwa vilevile, bali matufaha yamekuwa ya kahawia, parachichi lina utando mweusi, na ndizi zimelegea na kubadilika rangi. Wageni hula kwa kusitasita, na kinachobaki hutupwa.

Baadhi ya wasomaji wetu wametueleza kwamba ndimu huikamua, tena kwa wingi, na bado matunda hubadilika. Tulipowauliza wanaikamua wakati gani, jibu lilikuwa moja: mwishoni, juu ya bakuli, baada ya matunda yote kukatwa na kuchanganywa. Hapo ndipo penye kosa. Ndimu haikupungua, ilichelewa.

Tuone sababu yake. Ndani ya nyama ya tunda mna kimeng'enya, na mna pia kemikali za asili ambazo kimeng'enya hicho kinaweza kuzigeuza rangi. Tunda likiwa zima, vitu hivi viwili vimetengwa kama majirani wenye ukuta baina yao. Kisu kinapopita, ukuta huvunjika, vikakutana. Na hewa ya oksijeni ikifika hapo, rangi ya kahawia huanza kuzaliwa. Ukali wa ndimu hukidhoofisha kimeng'enya hicho, nayo vitamini C iliyomo ndani yake huizuia rangi isijijenge. Lakini rangi ikishakomaa, ndimu haiirudishi nyuma. Aidha, ikimwagwa juu ya bakuli lililojaa, hulowesha vipande vya juu tu, na vya chini hubaki bila kinga. Kwa hiyo yatupasa kupanga kazi ili kila kipande kikutane na ukali mara tu kinapotoka chini ya kisu.

Tuchukue mfano wa saladi ya watu wanane: machungwa mawili, nusu ya nanasi, nusu ya papai, matufaha matatu, maparachichi mawili, ndizi nne na ndimu tatu. Magharibi ni saa kumi na mbili na nusu, nasi tunaanza kazi saa kumi na moja.

Kabla ya kushika tunda lolote, tia vikombe vinne vya maji baridi katika bakuli, kisha kamulia humo ndimu mbili. Kipimo chake ni kama kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu kwa kila kikombe cha maji. Kipimo hiki kina faida ya pekee kwa mpishi aliyefunga, kwa kuwa hahitaji kuonja ili kujua kama ukali umezidi.

Anza kukata machungwa na nanasi, uviweke katika bakuli kubwa la saladi pamoja na maji yake yote. Matunda haya hayana tabia ya kuwa meusi, na maji yake yana ukali na vitamini C. Yatakuwa kitanda cha matunda dhaifu yatakayofuata. Papai nalo likatwe wakati huu.

Sasa yaje matufaha. Yakate moja moja kwa kisu kikali, kwani kisu butu hulisaga tunda na kuvunja kuta nyingi zaidi. Kila tufaha likishakatwa, vipande vyake viingie katika maji ya ndimu papo hapo, wala visingoje wenzao juu ya ubao. Vielee humo kwa dakika tano huku ukivigeuza, kisha vichuje na kuvichanganya na nanasi. Vikiachwa humo muda mrefu, hulainika na kuwa vichungu kwa ukali. Vikitendewa hivi, kisha vikafunikwa na kuwekwa mahali pa baridi, hudumu na weupe wao kwa saa kadhaa. Asiye na ndimu na atumie chumvi: nusu kijiko cha chai katika vikombe vinne vya maji, dakika tano hadi kumi, kisha avisuuze kwa maji safi ili ladha ya chumvi iondoke. Maji matupu huzuia hewa wakati vipande vimezama tu. Vikitolewa, mabadiliko huendelea.

Parachichi halifai kuzamishwa, maana nyama yake laini huvurugika. Chagua lililoiva lakini bado limekaza kidogo, likate vipande katika bakuli dogo la peke yake, na ulimwagie maji ya ile ndimu ya tatu, ukigeuza taratibu kwa kijiko mpaka kila upande ung'ae. Kisha tandaza karatasi ya nailoni safi juu ya vipande vyenyewe, ikivigusa, pasiwe na nafasi ya hewa. Kufunika mdomo wa bakuli pekee hakutoshi, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani huendelea na kazi yake. Wako wanaoacha kokwa katikati ya vipande wakiamini kwamba lina nguvu ya kulinda rangi. Kokwa hulinda pale tu linapogusa, kwa kuzuia hewa. Sehemu nyingine hubadilika kama kawaida.

Ndizi ndiyo yenye subira ndogo kuliko yote. Hata ikipakwa ndimu, hulegea na kuteleza ikikaa, na utelezi wake huchafua bakuli zima. Iache na ganda lake mpaka dakika kumi kabla ya adhana, kisha ikate moja kwa moja ndani ya bakuli la saladi, uizungushe katika maji ya machungwa na nanasi. Hapo ndipo parachichi nalo liingie, na mchanganyiko ugeuzwe mara mbili au tatu tu. Kama familia yenu huswali kwanza, ndizi ingoje mpaka mtakaporudi.

Kuhusu sukari, isitiwe mapema. Huyavuta maji ya matunda yakatoka, na saladi ikageuka mchuzi.

Limebaki jambo la kile kilichobadilika rangi licha ya jitihada zote. Rangi ya kahawia peke yake si dalili ya kuoza. Tunda hilo ni halali kuliwa na halina madhara, ijapokuwa ladha yake imefifia kidogo. Matufaha ya namna hiyo yanaweza kupikwa kwa mdalasini, na ndizi zikapondwa katika unga wa vitumbua. Kulitupa kwa sababu ya sura yake ni israfu. Bali saladi iliyotoa harufu ya uchachu, povu au utelezi imeharibika, hata kama ni nyeupe. Vilevile, katika joto la pwani, saladi iliyokaa nje ya jokofu zaidi ya saa mbili isihifadhiwe kwa ajili ya daku. Ndimu hulinda rangi. Hailindi chakula dhidi ya joto.