Kiatu Kinajaribiwa na Mguu Mkubwa, Wacheni Kutubeba Ufala

Wasee, leo nina hasira, na hasira yenyewe iko kwa kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto. Ukucha umekuwa mweusi tangu mwezi uliopita. Si ajali, si mpira. Ni raba nilizonunua mtumba hapa Embu mjini kwa sababu nilikubali kujaribu kiatu kimoja tu.

Unajua vile inaendaga. Unafika kwa kibanda, viatu vimepangwa mguu mmoja mmoja, vile vingine viko kwa gunia. Muuzaji anakupa cha kulia: "Jaribu hiyo, siste." Unaingiza mguu, unatoshea fiti, unalipa. Ukifika nyumbani Dallas, unavaa cha kushoto na kidole kinagonga mbele kama kinabisha hodi. Ukirudi kulalamika unaambiwa, "Vaa tu, kitapanuka."

Huo ni uongo, na nitauvunja hapa hapa. Ngozi ikivaliwa inaweza kulegea kidogo upande wa upana. Lakini urefu wa kiatu umeshikwa na soli, na soli hairefuki kwa sababu wewe ni mvumilivu. Kama kidole kinagusa mbele siku ya kwanza, kitagusa hata mwezi wa sita. Kitu kitakachobadilika ni kidole. Kila hatua ukucha unasukumwa nyuma, damu inavilia chini yake, ndio unaona ule weusi. Kwa wengine ukucha unaanza kuchimba nyama ya pembeni na kutunga usaha.

Sasa sikiza, kuwa na mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine si kasoro. Watu wengi sana wako hivyo, ni vile hawajawahi kupima. Na usidhani kwa sababu unatumia mkono wa kulia basi mguu wako mkubwa ni wa kulia. Wangu ni wa kushoto, na ninaandika na kulia. Lazima upime.

Kupima hakuhitaji duka. Ngoja jioni, kwa sababu miguu hujaa kidogo baada ya siku nzima ya kutembea. Weka karatasi sakafuni ikiguse ukuta, simama kisigino kikiguse ukuta, uzito wote uwe kwa huo mguu. Ukikaa kitini mguu haujitandazi vizuri na utapata kipimo cha uongo. Mwambie mtu aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine ni cha pili, si gumba. Halafu rudia mguu ule mwingine.

Mimi nilipata sentimita 24.7 kulia na 25.4 kushoto. Tofauti ni milimita 7. Inakaa kidogo, lakini saizi moja ya zile namba za 38, 39, 40 ni karibu milimita 7 pia. Kwa hivyo nina saizi moja nzima kati ya mguu na mguu. Ndio maana 39 ilitosha kulia na kuninyonga kushoto. Saizi yangu ni 40, na yule muuzaji hakuwa na njia ya kujua kwa sababu hakuna aliyeuliza mguu wa kushoto unasemaje.

Na usiamini namba pekee, maana 40 ya kampuni moja si 40 ya nyingine. Kama soli ya ndani inatoka, itoe, iweke chini, simama juu yake na mguu mkubwa. Mbele ya kidole kirefu kubaki kama sentimita moja. Kama haitoki, vaa viatu vyote viwili, funga kamba, tembea. Muuzaji akikataa kutoa cha pili kwa gunia, rudisha hicho cha kwanza uende kibanda kingine. Pesa ni yako.

Najua mtasema, "Sasa ule mdogo si utaogelea?" Ndio, kidogo. Lakini mguu mdogo kwa kiatu kikubwa una dawa, mguu mkubwa kwa kiatu kidogo hauna. Weka soli nyembamba ya ziada kwa kile kiatu cha mguu mdogo peke yake. Ukiweka kwa vyote viwili umerudi pale pale. Kama kisigino bado kinapanda na kushuka, bandika kipande cha sponji chini ya ulimi wa kiatu, ile sehemu iko chini ya kamba. Kinausukuma mguu nyuma ukae kwa kisigino. Kujaza karatasi kwa ncha, vile tulifanyiwa tukiwa wadogo, hakushiki kisigino, ndio maana bado mlikuwa mnapata malengelenge. Tofauti ikipita saizi moja na nusu, sponji haitaweza. Hapo unaongea na fundi viatu mzuri, au unanunua pea mbili za saizi tofauti.

Lakini kuna kitu kinanikasirisha kuliko muuzaji. Ni sisi wenyewe kufanya kila mguu mkubwa kuwa stori ya kiatu.

Anti yangu alijifungua, na kama wiki mbili baadaye mguu wake wa kushoto ukaanza kujaa. Nyumbani wakasema ni kawaida ya mzazi. Mtu akamnunulia slipa kubwa. Yaani walitatua shida ya slipa! Jirani yetu ambaye ni nesi alipita kusalimia mtoto, akaona kwamba hata ndama imejaa, upande mmoja tu, ina joto, na ukiishika anti anaruka. Alisema neno moja: hospitali, leo. Kipimo cha altrasaundi kikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa mguu. Akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Lile donge lingeweza kung'oka na kwenda hadi mapafuni, na hapo mtu anaweza kufa. Slipa haingesaidia.

Kwa hivyo swali la daktari si "tofauti ni milimita ngapi?" Swali ni "tofauti imebadilika?" Mguu uliokuwa mkubwa tangu utotoni, hauumi, haujabadilika, huo ni wa kununuliwa kiatu. Mguu uliojaa juzi ni mwingine kabisa. Bonyeza na kidole juu ya mfupa wa mbele kwa sekunde kadhaa. Ukiacha shimo, hayo ni maji, si saizi. Ukiwa umejaa upande mmoja ghafla, una joto au ndama inauma, nenda siku hiyo hiyo. Ukiongeza kifua kuuma au pumzi kukatika, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi. Na mwenye kisukari akiona mguu mmoja umevimba na una joto, asidanganyike kwa sababu hauumi. Huenda hausikii maumivu.

Kuna na ile ya polepole. Wayo mmoja unalala chini na kifundo kinauma upande wa ndani, kiatu kinaisha upande mmoja. Ama mguu mmoja unabaki mdogo, mwembamba, vidole vinajikunja na unajikwaa. Hiyo si dharura ya usiku, lakini ni ya kuonyesha daktari, kwa sababu inaweza kuwa mshipi wa msuli au neva.

Mimi zile 39 nimempa binamu yangu. Nilimpima kwanza, miguu yote miwili, jioni, akiwa amesimama. Wewe wako mkubwa ni gani? Usiniambie kabla hujasimama kwa karatasi.