Salio Langu Si Sanduku la Sadaka

Ati "lipa kwa krediti, ni rahisi." Rahisi kwa nani?

Nilitaka apu ya kusomea mtihani, shilingi 250 kwa mwezi. Sina kadi ya benki, na apu yenyewe haikuwa na njia ya M-Pesa. Ikabaki kulipa kwa salio la simu. Nikaenda kioski cha jirani hapa Bula Iftin. "Adeer, nipe mbili za mia na moja ya hamsini." Nikakwangua zote, nikabonyeza kulipa. Salio halitoshi.

Nilikuwa nimesahau deni. Wiki iliyopita nilikopa krediti ya 50, nikapewa 45, tano ikiwa ada. (Mamangu akijua ataniambia nimekula riba.) Deni la namna hiyo halingoji. Ukiweka krediti tu, linakatwa kabla hujagusa kitu. 250 yangu ikawa 200.

Nikarudi kwa adeer, nikaongeza 50. Sasa ninayo 250 kamili. Nikazima waifai na kuwasha data ya laini, kwa sababu malipo ya aina hii hutaka kuijua laini inayolipa. Bando sikuwa nalo. Unajua kilichofuata. Data isiyo na bando hula krediti moja kwa moja, na simu ikipata mtandao haiendi dukani peke yake: meseji zinashuka, picha zinashuka, apu zinajisasisha. Dakika mbili baadaye nilikuwa na 243. Nimekataliwa tena, kwa upungufu wa shilingi saba zilizoliwa na kule kujaribu kulipa! Nikaongeza 20 ndipo ikakubali. Bei ilikuwa 250. Kioski kilikula 320 zangu.

Malipo haya hayapokei nusu. Hayahesabu bando, hayahesabu bonasi, yanataka krediti halisi, yote kwa pamoja. Sisi wa kulipia kabla hatuishi hivyo. Tunanunua ya ishirini asubuhi, ya hamsini jioni. Siku ambayo salio letu linafika 250 ni siku tuliyo na shida maalum.

Na hapo ndipo uchungu ulipo. Mwezi wa pili tarehe ya kujirudia ilinikuta na shilingi tatu. Malipo yakashindwa, nikapewa siku kadhaa za neema. Nilidhani neema maana yake nisipolipa wataifunga apu, basi. Kumbe katika siku hizo mfumo unaendelea kujaribu tena kimyakimya. Jioni moja niliweka 250 ili nimsambazie mama, aliyekuwa kwa dada yake mgonjwa huko Hulugho na hana krediti. Kabla sijamaliza kuandika nambari yake, salio likapaa. Meseji ya kunishukuru kwa malipo ikaingia. Kioski kimefungwa, mama anangoja. Nilimpata kesho yake. Mgonjwa alikuwa mzima, alhamdulillahi, lakini usiku ule nilikuwa nimelipia mtihani kwa pesa za dharura bila kuulizwa.

Angalau laini yangu inakubalika. Binamu yangu Mandera hutumia laini ya ng'ambo, ya Bulahawa, kwa sababu milingoti ya upande wetu imelipuliwa mara nyingi na ile ya jirani ndiyo inayoshika mtaani kwake. Yeye hata haoni chaguo la kulipa kwa krediti. Linaonekana tu pale kampuni ya laini iliyomo ndani ya simu ina mkataba na duka la apu katika nchi ya akaunti yako. Akaunti yake ni ya Kenya, laini si ya Kenya. Anaweza kuweka krediti ya elfu kumi, haitasaidia. Kuongeza salio ni dawa ya ugonjwa wangu, si wake.

Mtaniambia, si ungefuta usajili? Ningefuta, na wewe kafute leo: fungua duka la apu, ingia kwenye malipo na usajili, ufute huko. Kuiondoa apu kwenye simu hakufuti kitu. Lakini kwa nini kinga iwe kazi yangu peke yangu?

Ninachodai ni kidogo. Kabla sijabonyeza, nionyeshwe krediti halisi niliyo nayo baada ya deni, na kiasi kinachotakiwa. Dakika za kulipa zisitozwe data. Malipo yakishindwa, yasijaribiwe tena mpaka nijibu ndiyo. Na apu iuzwe kwa siku na kwa wiki, kama bando linavyouzwa. Mpaka hapo, msiniambie mmetufikia sisi wa Garissa. Mmefikia salio letu tu.