Jedwali la Chama Likikataa Kuenea Kwenye Simu

Vyama vingi siku hizi huchanga kwa simu na kuweka hesabu kwenye Google Sheets. Mweka hazina huko Kambu anajaza jedwali kwenye kompyuta ya saiba, kisha anatuma linki kwa wanachama, na wengine wako kazini Nairobi au Mombasa. Kwenye kompyuta mambo ni sawa. Kwenye simu, skrini inaonyesha safu tatu au nne tu. Ukivuta kulia kutafuta mwezi wa Julai, safu ya majina inapotea, na hapo ndipo mtu husoma mstari wa jirani akidhani ni wake. Ugomvi wa mia tano unaanzia hapo, na pesa ililipwa.

Wengi hupunguza herufi ili jedwali lote lienee. Sisi tunaona hilo halisaidii, kwa sababu macho bado yanafuata mstari mrefu. Afadhali ubadilishe umbo la jedwali lenyewe.

Tuchukue chama cha watu 12, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa mwezi. Safu ya kwanza ni namba ya mwanachama, zinafuata safu 12 za miezi, halafu Jumla. Hizo ni safu 14. Ukiligeuza jedwali lote, yaani mistari iwe safu na safu ziwe mistari, utapata safu 13: moja ya miezi na 12 za wanachama. Umeondoa safu moja tu! Kugeuza kunafaa pale mistari ni michache, na mwanachama anayeuliza hesabu yake anahitaji mstari mmoja pekee.

Kwa hivyo geuza mstari wa huyo mmoja. Ikiwa ukurasa wa hesabu unaitwa Chama, fungua ukurasa mpya kando yake. Kwenye B1 andika namba ya mwanachama, tuseme 7. Kwenye A3 weka:

```
=TRANSPOSE(Chama!A1:N1)
```

Na kwenye B3:

```
=TRANSPOSE(FILTER(Chama!A2:N13, Chama!A2:A13=B1))
```

Sasa kuna safu mbili tu: miezi kushoto, pesa kulia, na Jumla chini kabisa. Kila namba imekaa kando ya jina la mwezi wake, na unasoma kwa kushuka chini tu. Mweka hazina akibadilisha 7 kuwa 8, inatokea hesabu ya mwingine. Kazi hiyo aifanye yeye peke yake, kwa sababu watu wawili wakibadilisha B1 kwa wakati mmoja watavurugana. Apige skrinishoti na kumtumia kila mtu yake.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, ukiongeza safu ya faini kwenye jedwali kuu, hakikisha fomula zote mbili zinafika hadi safu ya mwisho. Utajua kuna kitu kimeachwa nje ikiwa Jumla haionekani chini, au hailingani na ile ya jedwali kuu.

La pili ni nafasi tupu. Google Sheets huiacha tupu, lakini Excel ikigeuza nafasi tupu huandika 0. Mwezi wa Desemba ambao haujafika utaonekana kama mtu hakulipa, na anaweza kupigwa faini bure. Kama chama chenu kinatumia Excel, weka kistari kwenye miezi ambayo bado. SUM huruka maandishi, kwa hivyo Jumla haitaharibika.

Je, kama kundi zima linataka kuona kwenye WhatsApp? Hapo panga kila mwanachama kama kifungu chake, kimoja chini ya kingine:

```
Namba 7
Deni: Juni 500
Jumla: 3,000
```

Usiandike miezi yote. Watu 12 kwa mistari 14 ni mistari 168, na hakuna atakayefika mwisho. Weka deni na jumla tu. Anayetaka zaidi atatumiwa skrinishoti yake, ailinganishe na meseji za malipo kwenye simu yake, mwezi kwa mwezi.

Lakini jedwali pana lisifutwe. Vifungu havikuonyeshi kwa haraka ni mwezi gani watu wengi walichelewa, na swali hilo ni la mkutano. Jedwali pana libaki kwa mweka hazina na mkaguzi. Mwanachama mwenye simu atumiwe mstari wake, umesimamishwa wima.