Kilima si Meza

Kila bango la mjengo kwenye ploti ya mteremko lina picha ileile: nyumba nyeupe, nyasi tambarare, gari jipya mlangoni. Kilima kimeenda wapi? Kimelazwa kwenye kompyuta, na ukuta wa kuzuia udongo umefichwa nyuma ya miti. Mnunuzi anaona uwanja. Bili ataiona baadaye.

Tupige hesabu. Chukua ploti yenye upana wa mita 15 na urefu wa mita 30, inayoshuka mita 6 kutoka juu hadi chini. Ukiilaza yote, unachimba nusu ya juu na kujaza nusu ya chini. Unahamisha kama mita 337 za ujazo za udongo, na unabaki na kuta mbili za mita 3, moja nyuma na moja mbele. Sasa igawe iwe matuta manne, kila moja likishuka mita 1.5 kutoka lililo juu yake. Udongo wa kuhamisha unakuwa kama mita 84, yaani robo tu. Na msukumo wa udongo ukutani unakua kwa mraba wa kimo: ukuta wa mita 1.5 hubeba robo ya mzigo wa ule wa mita 3.

Wakulima wa Machakos wanalijua hili bila kompyuta. Fanya juu ni hiyo hiyo: chimba mtaro kufuata usawa wa kilima, tupa udongo upande wa juu, na shamba hujisawazisha polepole lenyewe. Hakuna aliyeita katapila.

Mtasema ngazi zinachosha wazee. Ni kweli, lakini tuta la mita 1.5 ni vidato kumi vya sentimita 15, kisha kuna mahali pa kupumzika. Kiti cha magurudumu ndicho kikwazo halisi, kwa sababu njia yake ya kupanda kimo hicho inahitaji kama mita 18. Basi weka chumba cha kulala na maegesho kwenye tuta la barabarani. Hilo ni suala la mpango, si sababu ya kuua kilima.

Kwa hiyo, wasanifu, acheni ardhi ionekane ikishuka. Onyesheni kimo cha kila ukuta, na matundu yake ya kutolea maji, yenye kokoto nyuma yake. Bila matundu, masika huujaza udongo maji, ukuta unavimba tumbo, ufa wa kulala unatokea, na huo ndio mwanzo wa kuanguka.

Na wewe mnunuzi, kabla hujalipa, omba mchoro wa mkato: ploti ikiwa imekatwa kama mkate, kutoka mpaka wa juu hadi wa chini. Mstari wa ardhi ya asili uwe umechorwa juu yake. Wakisema haupo, ujue picha umeona, ploti bado.