Kutega Fumbo Ndani ya Hadithi



Marehemu Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa wake jicho la kuona mambo madogo ambayo wengine huyapita. Mzazi anayemtungia mwanawe hadithi ya kusaka hazina hana budi kuyatia mambo hayo mapema, nayo kazi huanzia mwishoni: kwanza jibu, kisha fumbo, kisha dokezo.

Tuchukue jibu lililo karibu nasi, msikiti wa Barabara ya Massachusetts uliofunguliwa mwaka 1957. Msikiti huo umekaa mshazari kwa barabara ili uelekee kibla. Basi watoto wa hadithi yetu, katika sura ya nne, wanaokota karatasi: “Jirani zangu waitazama njia, mimi nimeipa bega, naitazama nyumba nisiyoiona.” Wanahangaika katika balozi za barabara ile, bendera baada ya bendera, na zote zinaitazama njia.

Dokezo tulikwisha kulizika katika sura ya kwanza. Bibi amewasili kutoka Unguja, ambako kibla ni kaskazini. Anauliza atandike wapi mswala. Mjukuu, kwa kutazama ramani ya ukutani, anaonyesha kusini-mashariki. Ami yake analeta tufe la dunia, anavuta uzi kutoka Washington hadi Makka, na uzi unatoka ukielekea kaskazini-mashariki. Bibi anasema aliomba kibla, hakuomba darasa. Msomaji anacheka, hapo hapo sanduku la bibi linaonekana halipo, na jicho la msomaji linalifuata sanduku.

Hiyo ndiyo siri ya kuzika dokezo: lipewe shughuli nyingine mahali lilipo. Tungeandika tu kwamba kulikuwa na tufe mezani, kila mtoto angelishuku.

Watoto wanapofika mbele ya jengo lililopinda, mmoja anatoa dira. Sindano inawapa kaskazini, wanaona jengo limeelekea kati yake na mashariki, na uzi unawarudia akilini. Mtunzi asiwape wakati huo kitabu au mpita njia wa kuwaeleza. Huo ni udanganyifu, na mtoto aliyedanganywa hafungui sura ya tano.

Maneno ya fumbo nayo yapimwe. Lingesema “nimepinda” tu, lingekuwa na majibu mengi, maana barabara yenyewe inakata mji mshazari. Ndiyo sababu tuliandika bega na njia.

Kabla ya kumaliza, msomee mtoto hadi kwenye fumbo, kisha nyamaza. Akijibu papo hapo, sogeza dokezo nyuma au ulizidishie kicheko. Ukimsomea jibu naye akauliza, “Hayo tuliyasoma wapi?” umelizika mno, mtie bibi katika sura ya tatu akitandika tena mswala na kunung’unikia uzi wa ami. Akikunyang’anya karatasi na kurudi mwenyewe sura ya kwanza, usiguse neno.